Kangaruu lini? Kuandika upya swali la kitabibu na sababu yake katika insha ya uuguzi

Insha ya mwenzangu ilirudi ikiwa na maneno machache ya kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa wa kwanza: "Swali halijalengwa. Sababu haiendani na swali. Andika upya vyote viwili." Tulikuwa tumetoka zamu ya usiku, tumekaa kwenye benchi la mama ntilie hapa Mtwara mjini, chai ya rangi na chapati mbele yetu. Yeye alikuwa ameshatoa kalamu, anataka kubadilisha maneno mawili matatu ili arudishe kazi jioni ile ile. Nikamwambia, dada, hebu weka kalamu chini kwanza. Swali hili halina ugonjwa wa maneno.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Je, huduma ya kangaruu ina faida gani kwa watoto njiti?"

Kwa asiyefanya kazi wodini, huduma ya kangaruu ni kumweka mtoto mdogo kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, kisha anafungwa kwa kitambaa asiteleze. Ilianza Bogota, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na watoto wengi na inkubeta chache. Huku kwetu kitambaa hicho mara nyingi ni kanga, na jina la huduma na jina la kitambaa vimekaribiana kiasi kwamba kuna kina mama wanaodhani huduma imepewa jina la kanga yao. Sijaona haja ya kuwasahihisha.

Sasa, ubaya wa swali lile uko wapi? Linajibiwa na kitabu chochote cha uuguzi wa watoto wachanga. Faida zake ni joto, maziwa, ukaribu wa mama na mtoto, maambukizi machache, umemaliza. Swali la namna hiyo ni la usuli. Linamfaa anayejifunza jambo kwa mara ya kwanza. Insha ya uuguzi unaozingatia ushahidi inataka swali ambalo jibu lake linabadilisha kitu ambacho muuguzi atafanya zamu ya kesho. Ndiyo maana walimu husisitiza herufi nne za PICO, mpangilio unaotumika tangu miaka ya 1990: mgonjwa ni nani, tunamfanyia nini, tunalinganisha na nini, na tunatazamia tokeo gani. Wanafunzi wengi huzijaza herufi hizo kama fomu ya benki. Mwenzangu naye alizijaza, lakini kwenye mlinganisho aliandika "huduma ya kawaida", na kwenye tokeo "afya bora". Fomu imejaa, swali bado halipo.

Tulianza na mgonjwa. "Mtoto njiti" ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Lakini mtoto wa wiki 36 mwenye kilo 2.4 anayenyonya vizuri hana uhusiano mkubwa na mtoto wa kilo 1.2 anayepumua kwa kuvuta mbavu. Ukiwaweka wote kwenye swali moja, jibu litakuwa la wastani wa watoto ambao hawafanani. Isitoshe, wiki za ujauzito mara nyingi hatuna uhakika nazo. Mama hakumbuki vizuri tarehe ya hedhi ya mwisho, na ultrasaundi, kama ilifanyika, ilifanyika mimba ikiwa kubwa, wakati ambapo makadirio yake yanaweza kukosea kwa wiki kadhaa. Mizani iko mezani. Nikamuuliza: ukimpokea mtoto, uamuzi wa kumpeleka wodi ya watoto wachanga unaufanya kwa wiki au kwa kilo? Akasema kwa kilo. Basi mgonjwa wa swali letu akawa mtoto aliyezaliwa hospitalini na uzito wa chini ya kilo 2.

Kisha tukafika kwenye mlinganisho, na hapo ndipo chai ilipopoa.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kulinganisha kangaruu na inkubeta. Ni kosa la kueleweka, kwa sababu ndivyo mada inavyofundishwa. Lakini kwa mtoto ambaye hali yake imetulia, swali hilo lilishajibiwa kitambo, na Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza kangaruu kwa watoto wa kilo 2 au pungufu katika mwongozo wake wa mwaka 2015. Ukiuliza tena unapoteza kurasa kumi kuthibitisha jambo ambalo mwalimu wako analijua na wodi yako inalifanya.

Nikamwomba asahau insha, anisimulie tu kinachotokea mtoto wa kilo 1.4 akizaliwa saa nane usiku. Akasimulia bila kusita. Mtoto anafutwa, anapimwa, anapelekwa wodi ya watoto wachanga, anawekwa chini ya mashine ya joto. Anapewa oksijeni akihitaji, anafunguliwa dripu. Mama anabaki wodi ya wazazi, na kama kajifungua kwa upasuaji hata hamwoni mtoto siku hiyo. Siku ya pili au ya tatu, wakati mwingine baadaye, daktari anasema hali imetulia, na hapo ndipo mama anaitwa aanze kangaruu.

"Kwa hiyo kangaruu mnafanya," nikasema.

"Tunafanya."

"Ila mnaichelewesha."

Alinyamaza kidogo. "Tunasubiri atulie," akasema.

Swali lake lilikuwa hapo muda wote, ndani ya neno "tunasubiri". Kinacholinganishwa si kangaruu na kutokuwa na kangaruu. Ni kangaruu ya mara moja baada ya kuzaliwa, kabla mtoto hajatulia, na kangaruu ya baada ya kutulia. Jambo analofanyiwa mtoto ni lile lile, tofauti iko kwenye saa ya kuanza. Na tofauti hiyo inahusu kazi ya muuguzi moja kwa moja, maana ndiye anayejua mama yuko kitanda gani na nani atamleta.

Hapa Kiswahili kilitusaidia. Insha inaandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya vyuo vyetu, na kwa Kiingereza neno la "kutulia" linapita haraka sana, kila mtu anatikisa kichwa kana kwamba limeeleweka. Ukisema kwa Kiswahili "mtoto ametulia", mtu wa kawaida atakuuliza: ametulia, yaani halii? Tukalazimika kuandika maana yake: anapumua bila msaada wa mashine, oksijeni na mapigo ya moyo viko katika kiwango, hahitaji tena dripu mfululizo. Maana hiyo iliingia kwenye insha chini ya swali, kwa sentensi moja. Bila sentensi hiyo huwezi kujua kama utafiti unaousoma ulisubiri kitu kile kile mnachokisubiri nyinyi.

Tokeo lilikwenda haraka. "Afya bora" haipimiki. Tukachagua kifo ndani ya siku 28 kuwa tokeo kuu, kwa sababu siku 28 ndizo kipindi cha uchanga kwa tafsiri inayokubalika kote. Joto la mwili likawa tokeo la pili. Mwenzangu alicheka kwanza. Mtwara na joto lake lote hili, mtoto atapoaje? Lakini mtoto huzaliwa akiwa amelowa, na maji yanapokauka mwilini huchukua joto lake. Mtoto wa kilo 1.4 ana ngozi nyembamba na mafuta kidogo chini yake. Joto la mtoto mchanga linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na chumba ambacho wewe unakitolea jasho bado kina ubaridi kuliko tumbo la mama. Halafu mwenzangu mwenyewe ametokea Newala, kule juu kwenye uwanda wa Wamakonde ambako mwezi Julai watu hulala na mablanketi. Tokeo hilo lilibaki.

Swali likawa hivi:

"Kwa watoto waliozaliwa hospitalini na uzito wa chini ya kilo 2, je, kuanza huduma ya kangaruu mara baada ya kuzaliwa, kabla hali haijatulia, kunapunguza vifo ndani ya siku 28 kuliko kuanza baada ya hali kutulia?"

Ni refu. Silionei aibu. Swali lililolengwa karibu kila mara huwa refu kuliko lile la kwanza, kwa kuwa kila neno lililoongezwa limefukuza kundi la tafiti zisizohusika. Kipimo nilichompa ni hiki: funika swali, soma majina ya tafiti ulizozipata, kisha jiulize kama ungeweza kukisia swali kutokana na tafiti hizo. Kwa swali la zamani usingeweza, zilikuwa za kila rangi, mpaka za furaha ya akina baba. Kwa swali jipya, kila neno la utafutaji linatoka ndani ya swali:

```
"Kangaroo-Mother Care Method"[Mesh]
AND "Infant, Low Birth Weight"[Mesh]
AND (immediate OR early)
AND mortality
```

Hiyo ni ya kuandika kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba. Ukiona matokeo ni mengi mno, kwa kawaida ni mlinganisho uliosahau kuuweka, na hapa mlinganisho umebebwa na mstari wa tatu.

Utafiti mkubwa unaojitokeza ulichapishwa Mei 2021. Uliratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kufanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania. Watoto 3,211 wenye kilo 1.0 hadi 1.799 waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika kundi moja nusu ya watoto walikuwa wameanza kangaruu kufikia saa 1.3 baada ya kuzaliwa, jingine lilisubiri watulie, na nusu yao wakawa wameanza kufikia saa 53.6. Ndani ya siku 28 walifariki 12.0 kwa kila 100 katika kundi la mara moja, na 15.7 kwa kila 100 katika kundi la kusubiri. Tofauti ni 3.7 kwa kila 100. Gawanya 100 kwa 3.7, unapata 27: watoto 27 wakianza mara moja, kifo kimoja kinaepukwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa ushauri wa kamati ya usalama, kwa kuwa tofauti ilikuwa imeshaonekana.

Mwenzangu aliposoma hayo macho yaling'aa, akataka kubadilisha swali palepale. Badala ya "chini ya kilo 2" aandike "kilo 1.0 hadi 1.799", ili swali na utafiti vikae kama mkono na glavu. Nilikataa. Wodini kwake mtoto wa kilo 1.9 naye husubirishwa. Swali linatoka kwa mgonjwa wako. Utafiti ukimfikia nusu tu, hilo ni jambo la kuliandika kwenye uchambuzi, na ni aina ya sentensi inayopata alama: ushahidi mkubwa zaidi hauwahusu watoto wa kuanzia kilo 1.8, wala wa chini ya kilo 1.

Kuna mtego mwingine wa jamaa hiyo hiyo. Utafiti huo ulikuwa na matokeo makuu mawili, vifo ndani ya siku 28 na vifo ndani ya saa 72. Kwa saa 72 tofauti ilikuwa ndogo, 4.6 dhidi ya 5.8 kwa kila 100, na haikuweza kutenganishwa na bahati. Mwanafunzi anayeandika swali lake baada ya kuyaona majibu atachagua siku 28 na kuzificha saa 72. Kuboresha swali baada ya utafutaji wa mwanzo kunaruhusiwa. Ndivyo unavyojua maneno sahihi na kugundua kwamba mlinganisho wako umepitwa. Kuchagua tokeo kwa sababu limetoa jibu tamu hakuruhusiwi. Njia rahisi ya kujikinga ni kuandika tarehe uliyochagua tokeo na sababu yake kabla ya kufungua jedwali la matokeo. Sisi siku 28 tulizichagua kwa maana ya kipindi cha uchanga, na saa 72 tukazitaja hata hivyo.

Na swali lililolengwa lina faida nyingine, linakuonyesha kutokukubaliana ambako swali pana hukuficha. Gambia kulikuwa na utafiti mdogo, watoto 279 wa chini ya kilo 2 ambao hali zao hazijatulia kwa kiasi kidogo au cha kati. Vifo 21 kwa kila 100 kwa walioanza mapema na 24 kwa waliosubiri, tofauti ambayo kwa idadi hiyo ya watoto yaweza kuwa bahati tu. Uganda wakafanya mkubwa zaidi, watoto 2,221 katika hospitali tano, ukachapishwa mwaka 2024. Tokeo lake kuu lilikuwa vifo ndani ya siku 7, na makundi mawili yalikuwa karibu sawa. Je, tafiti zinapingana? Rudi kwenye herufi zako nne. Uganda mtoto aliweza kuingia akiwa na umri wa hata zaidi ya siku moja, wakati kule kwenye utafiti wa nchi tano kangaruu ilianza karibu saa moja baada ya kuzaliwa. Siku 7 si siku 28. Na katika utafiti wa nchi tano, mama alilazwa chumba kimoja na mtoto, ndani ya wodi ya uangalizi maalumu, akihudumiwa humo humo. Hayo matatu yanaweza kutosha kuleta tofauti, au yasitoshe. Insha haitakiwi kuamua kwa nguvu. Inatakiwa kuonyesha kwamba unaona tofauti ilipo.

Sasa tuje kwenye sababu ya kuuliza. Aya yake ya zamani, nikiifupisha, ilisema hivi: watoto njiti wengi hufariki duniani, hasa nchi zinazoendelea; huduma ya kangaruu ni rahisi na muhimu; kwa hiyo insha hii itathibitisha kwamba kangaruu inafaa. Sentensi mbili za kwanza ni kweli, lakini zingeweza kutangulia insha kuhusu dawa ya kukomaza mapafu, maziwa ya mama au kunawa mikono bila kubadilisha neno. Ya tatu imeshahukumu kesi kabla ya mashahidi.

Sababu huandikwa kuanzia kwenye mlinganisho. Ukishajua kwamba swali ni la kusubiri au kutosubiri, sababu inajiuliza yenyewe: nani anasubiri, kwa nini anasubiri, na ni kitu gani kimefanya kusubiri huko kuwa na shaka? Aliandika upya, na mimi niligusa maneno machache tu:

"Katika wodi ninayofanyia kazi, mtoto wa chini ya kilo 2 huanza kangaruu baada ya hali yake kutulia, na kwa muda huo hutengana na mama. Utaratibu huu unalingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015. Mwongozo wa mwaka 2022 umependekeza kuanza mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi, kama asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika mshtuko. Hata hivyo tafiti za Afrika kuhusu vifo hazijatoa jibu moja. Uamuzi wa lini mama aletwe kwa mtoto uko kwa sehemu kubwa mikononi mwa muuguzi, hivyo insha hii inachunguza kama kutosubiri kunapunguza vifo ndani ya siku 28."

Angalia kazi ya kila sentensi. Ya kwanza inaonyesha kinachofanyika, yaani mlinganisho. Ya pili inaeleza kwamba kinachofanyika si uzembe, kina asili yake. Wanafunzi wengi huisahau hii, na insha ikasomeka kama mashtaka dhidi ya wodi. Ya tatu inaleta kilichobadilika. Ya nne inakiri shaka bila kutaja mshindi. Ya mwisho inaunganisha na kazi ya muuguzi na kulirudisha tokeo lile lile la swali, kwa maneno yale yale. Kama swali linasema vifo na sababu inamalizia na unyonyeshaji, mwalimu ataandika tena "haiendani", na atakuwa sahihi.

Katika rasimu alikuwa ameweka kisa cha mtoto mmoja, na kijiji cha mama yake, na tarehe. Tukakitoa. Tandahimba si kubwa kiasi hicho, na mama yule hakuulizwa. Alikuwa pia ameandika kwamba "takribani nusu" ya watoto wa wodi yake huanza kangaruu baada ya siku tatu. Nikamuuliza kahesabu lini. Hakuhesabu. Nayo ikatoka, "kwa kawaida" inatosha pale ambapo hakuna rejista iliyofunguliwa.

Alipofika mwisho wa kuandika aliweka kalamu, akaniangalia kama mtu aliyekumbuka deni.

"Sasa dada," akasema, "tukisema mama aletwe kwa mtoto saa ile ile, kitanda cha mama kwenye wodi ya watoto wachanga kitatoka wapi? Na aliyetoka upasuaji atahudumiwa na nani mle ndani?"

Nikamwambia hilo aliandike kama lilivyo, kwenye sehemu ya utekelezaji, na swali aliache lilivyo. Akaagiza chai nyingine.